Minazi Mitatu ya Mpakani

Jirani alikataa kutia saini. Akairudisha karatasi mezani, akamwambia mwenzake aliyecheza naye rede na kombolela katika uwanja huohuo, "Shoga, mimi na wewe hatuna neno. Lakini hapa pameandikwa nimevamia, na mimi sijavamia kwa mtu."

Hapo palikuwa Pangani, mji mkongwe ulio kwenye mlango wa mto, kusini mwa Tanga, mahali ambapo pantoni ndiyo iliyokuwa ikiwavusha watu kwenda Bweni. Mwanamke aliyerudi aliondoka mwaka 1993 kwenda kusomea uuguzi, akaajiriwa bara, akaolewa na kuzaa hukohuko. Nyumbani alikuja kwa misiba tu, siku mbili tatu, kisha basi. Mwaka 2024, baada ya kustaafu, alirudi kwa nia ya kukaa. Wote wawili wamekubali kisa chao kiandikwe, ila majina yao niyaache, kwa sababu mji ni mdogo na kaka mtu bado ana hasira.

Kiwanja kilikuwa cha baba yao. Mama alibaki pale hadi alipofariki mwaka 2011, na watoto wake, huyu na kaka yake anayeishi Dar es Salaam, wakaacha mambo yalale. Hakuna aliyefungua mirathi. Walipoamka ilibidi waanze mwanzo kabisa: kikao cha familia chenye muhtasari wa maandishi, vyeti vya vifo vya wazazi, kisha maombi Mahakama ya Mwanzo ili dada ateuliwe msimamizi. Kwa kuwa ni Waislamu, mgawanyo ulijulikana tangu awali, kaka mafungu mawili na dada fungu moja. Hilo halikuwagombanisha. Kilichowagombanisha ni upande wa mashariki, unaopakana na jirani.

Mpimaji hapimi kiwanja cha zamani kwa macho yake peke yake. Kabla ya kuweka bikoni huhitaji watu wanaopakana na eneo wafike, waonyeshe mpaka wanaoujua, na watie saini kwamba wamekubali. Jirani asipotia saini, kazi husimama. Siku ile kaka alikuwa ametangulia kumweleza mpimaji kwamba upande wa mashariki kuna minazi mitatu ya jirani iliyopandwa ndani ya ardhi yao, na neno "uvamizi" likaingia kwenye maelezo. Dada alilikuta limeshaandikwa.

Ukimsikiliza kaka peke yake, hofu yake ina mantiki. Sheria ya ukomo wa muda ya Tanzania inampa mwenye ardhi miaka 12 ya kufungua shauri la kuirudisha iliyochukuliwa na mtu mwingine. Alihesabu kutoka 2011, mama alipofariki, hadi 2024, akapata miaka 13. Akaona wameshachelewa na kwamba jirani alikuwa akingoja muda upite. Jambo ambalo hakulijua, na ambalo watu wengi waishio mbali na kwao hawalijui, ni kwamba mahakama za Tanzania zimeshikilia kwa muda mrefu kwamba mtu aliyeingia kwa ruhusa ya mwenye ardhi ni mwalikwa, na mwalikwa haigeuzi ardhi kuwa yake kwa kukaa miaka mingi. Kwa hiyo swali lenyewe halikuwa minazi ina miaka mingapi, bali jirani aliipanda kwa ruhusa ya nani.

Hata hivyo umri wa minazi ulikuwa na kazi yake, na hapa ndipo kisa hiki kinaponipendeza. Kaka alidai minazi ilipandwa juzijuzi, mama alipokwisha kufa. Jirani alisema aliipanda mwaka uliofuata mvua za elinino, zile za 1997 na 1998, ambazo kila mtu wa pwani mwenye umri wa kutosha anazikumbuka. Maji yalishuka kutoka barabarani yakang'oa ua wa minyaa uliokuwa mpaka wa nyumba mbili hizi tangu enzi za wazee. Akapanda minazi ili ishike udongo, na pia ili mtu asije akapotea mpaka ulikuwa wapi.

Mnazi hauna pete ndani ya shina, kwa hiyo kuukata hakusaidii kitu. Kumbukumbu yake iko nje. Kila kuti linapokomaa na kudondoka huacha kovu linalozunguka shina, na mnazi mrefu wa asili wa pwani hutoa takriban kuti moja kwa mwezi. Makovu 12, basi, ni kama mwaka mmoja. Mkwezi aliyekuwa akiangua nazi za mtaa ule aliombwa ahesabu. Akapanda na chaki, akiweka alama kila makovu 10, akitumia ubavu ambao haukuchongwa vidato vya kupandia, maana vidato hula makovu. Alishuka na hesabu ya 230 na ushee kwenye mnazi mkubwa. Hiyo ni zaidi ya miaka 19. Ukiongeza miaka mitano hivi ambayo mche hukaa chini bila shina la kuonekana, unafika miaka 24 au zaidi kidogo.

Ukirudi nyuma kutoka 2024 unaangukia mwaka 2000 au karibu yake. Jirani alisema 1999. Tofauti hiyo haimfanyi mwongo, kwa sababu mwaka wa ukame mnazi hutoa makuti machache na makovu yake hubanana, na yale ya chini kabisa hulika kwa jua, mvua na kamba za mbuzi. Mtu akihesabu, mara nyingi hukosea kwa kupunguza. Hesabu ya namna hii haitoshi kumshinda mtu barazani, na wala haikukusudiwa hivyo. Ilitosha kuonyesha kwamba minazi ilikuwa imesimama zaidi ya miaka 10 kabla ya mama kufariki, na kwamba mama aliiona kila asubuhi alipofungua mlango wa uani.

Basi mama alisema nini? Dada alikuwa mbali na kaka pia, kwa hiyo aliyejua ni jirani tu, ambaye ndiye mwenye maslahi. Hapo ndipo mashauri mengi ya ardhi hukwama. Lakini jirani alieleza jambo dogo ambalo mtu mwenye nia ya kunyakua hangelieleza: kila mavuno, yaani kila baada ya miezi mitatu hivi, alimpelekea mama fungu la nazi, na mama alilipokea. Mkwezi, ambaye baba yake alikuwa mkwezi kabla yake, alithibitisha kwamba walikuwa wakipewa agizo la kutenga fungu la "bibi wa nyumba ya pili". Unapompelekea mwenye ardhi sehemu ya mavuno unakiri kwamba ardhi ni yake. Na mwenye ardhi anapopokea mwaka hadi mwaka, amekiri kwamba miti si yake.

Kwa mtu wa bara hilo huenda likamchanganya, maana huko aliyepanda na mwenye ardhi mara nyingi ni mtu mmoja. Pwani, mnazi na ardhi unaosimama juu yake huweza kuwa na wenyewe tofauti, na mnazi huweza kurithiwa, kuuzwa au kuwekwa rehani peke yake. Ndiyo sababu wazee wa pwani wakimwazima mtu shamba walimruhusu apande mihogo na kunde, mazao ya msimu, lakini walimkataza miti ya kudumu. Walijua mti hauondoki na msimu. Hata wathamini wa serikali, ardhi inapotwaliwa kwa mradi, huorodhesha miti ya kudumu na mwenye nayo pekee, mbali na ardhi.

Ukabaki mpaka wenyewe. Minyaa ilikwisha, ramani haikuwepo, na minazi ilikuwa ikisema jambo moja tu: kwamba mpaka uko mahali fulani hapo karibu. Jirani ndiye aliyekumbuka. Mstari, alisema, ulitoka pembe ya jiko la nje la marehemu mama ukaenda moja kwa moja kwenye ukingo wa kisima. Kisima kipo mpaka leo. Jiko lilibomoka zamani, na penye jiko sasa ni nyasi na ndizi mbili zilizojiotea. Dada akatafuta kijana wa kuchimba. Kwenye kina cha kiwiko hivi likatokea jiwe la matumbawe lenye chokaa, kisha la pili, yamekaa pembe mraba. Wakavuta kamba kutoka pembe ile hadi kisimani.

Kamba ilipita mashariki ya minazi. Yaani minazi yote mitatu ilisimama upande wa dada, hatua mbili ndani ya ardhi yake. Kaka alikuwa sahihi kuhusu ardhi. Lakini aliyempa ushindi huo ni yule aliyemwita mvamizi, kwani pasingekuwa na maneno ya jirani hakuna ambaye angejua pa kuchimba. Mimi sijaona ushahidi wa mpaka wenye nguvu kuliko huo, wa mtu anayesema jambo linalomhasiri mwenyewe wakati angeweza kunyamaza.

Hawakwenda barazani. Wangekwenda, wangeanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 halihukumu tena bali husuluhisha, na lina siku 30 za kufanya hivyo kabla shauri halijaweza kupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko kuna gharama, na kuna safari, na kuna kuahirishwa. Badala yake waliandikiana makubaliano mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili, mmoja kila upande, na nakala ikaachwa ofisini. Yaliyomo ni machache. Ardhi ni ya familia ya marehemu. Minazi ni ya jirani, ataangua nazi zake hadi miti itakapokufa au kuanguka, na fungu la mwenye ardhi litaendelea kutengwa kama zamani. Akifa mnazi mmoja hapandi mwingine mahali pake. Njia ya kisimani haizibwi na yeyote.

Kifungu cha kutopanda tena ndicho kilichochukua muda mrefu kuliko vyote. Jirani alikiona kama kufukuzwa polepole. Dada alieleza kwamba bila hicho, wajukuu wao watakuja kuhesabu makovu tena. Waliongea uani hadi alasiri, wakakatiza kwa chai, wakarudi kwenye hoja, na mwishowe jirani akakubali kwa sharti lake: neno "uvamizi" lifutwe kwenye maelezo ya mpimaji kabla kalamu haijagusa karatasi. Dada akaenda mwenyewe ofisini kulifuta, na maelezo yakaandikwa upya.

Mpimaji alirudi wiki iliyofuata. Bikoni ya kusini mashariki iliangukia juu ya mzizi wa mwembe wa jirani, wakaisogeza kidogo magharibi, upande wa dada, na dada hakubisha. Jirani akatia saini. Kaka alipopelekewa nakala kwa simu aliuliza nani aliyeruhusu bikoni isogezwe, na tangu hapo amekuwa hapokei simu za dada yake. Hati bado inashughulikiwa.