Jinsi ya kusoma mshumaa mmoja wa bei

Ukifungua chati ya bei kwenye simu utakuta vijiti vya kijani na vyekundu. Kila kijiti huitwa mshumaa, na mtindo wa kuchora bei hivi ulianzia kwa wafanyabiashara wa mchele huko Japani. Mshumaa mmoja hubeba bei nne tu za kipindi kimoja: ya kufungua, ya kufunga, ya juu kabisa na ya chini kabisa.

Tuchukulie siku moja ya maharage katika soko la Mlandege, Iringa. Alfajiri debe la kwanza linauzwa shilingi 40,000. Mizigo inaposhushwa kwa wingi bei inashuka hadi 37,000. Mchana wanaingia wanunuzi wa jumla, bei inapanda hadi 46,000, kisha debe la mwisho jioni linauzwa 44,000.

Sasa tuuchore. Kutoka 40,000 hadi 44,000 ndio mwili, na kwa kuwa siku imefunga juu ya ilipofungulia, kwa kawaida hupakwa kijani. Ingefunga chini ungekuwa mwekundu. Lakini angalia mpangilio wa chati yako kwanza, maana Japani na China nyekundu ndiyo ya kupanda. Utambi wa juu unatoka 44,000 hadi 46,000, wa chini unatoka 40,000 hadi 37,000.

Mwili unaonyesha nani kashinda hadi kufunga, tambi zinaonyesha bei zilizofikiwa zikakataliwa. Hapa kutoka bei ya chini kabisa hadi ya juu kabisa ni shilingi 9,000, na mwili ni 4,000 tu, chini ya nusu. Kwa hiyo wanunuzi wameshinda, ila kwa kuvutana. Mwili wa 8,000 wenye tambi fupi ungeeleza siku tofauti kabisa, hata kama rangi ni ileile. Ndiyo maana mimi husoma urefu kabla ya rangi.

Jambo ambalo wanaoanza hulikosa ni kwamba mshumaa hausemi kipi kilitangulia. Bei ingepanda kwanza hadi 46,000, ikaporomoka hadi 37,000, kisha ikarudi 44,000, mchoro ungekuwa uleule. Ukitaka kujua mfuatano, fungua mishumaa ya saa moja moja ya siku hiyo. Hausemi pia yameuzwa madebe mangapi. Katika soko la hisa, hisa ikiuzwa mara moja tu kwa siku, bei zote nne huwa moja na mshumaa hubaki kistari cha kulala. Kistari hicho hakimaanishi lazima kwamba bei imetulia. Huenda karibu hakukuwa na biashara, kwa hiyo tazama na idadi ya hisa zilizouzwa.

Mshumaa wa kipindi ambacho hakijaisha nao bado unabadilika: wa kijani saa nne asubuhi waweza kufunga mwekundu jioni. Subiri ufunge ndipo uusome.