Sahihi Kumi na Mbili, Deni Moja

Mwaka 2013, baada ya uchaguzi mkuu wa Kenya kumalizika katika raundi ya kwanza, serikali mpya ilitimiza ahadi iliyotolewa wakati wa kampeni: shilingi bilioni 6 ambazo zingetumika kwenye raundi ya pili zigeuzwe mikopo ya vijana na wanawake. Ndivyo Hazina ya Uwezo ilivyozaliwa. Ilizinduliwa Septemba mwaka huo, na kanuni zake zikachapishwa mwaka 2014. Asili hiyo imeiletea tatizo lisiloisha. Kwa kuwa fedha zilitoka kwenye ahadi ya siasa, watu wengi walizipokea kama zawadi ya siasa, na vikundi vingi vilichukua mkopo huku wanachama wakinong'onezana kwamba pesa za serikali hazirudishwi. Zinarudishwa, na mkopaji asiyelipa humfungia njia mwenzake wa kijiji cha pili anayesubiri zamu.

Masharti ya kuingia si magumu. Hazina hukopesha kikundi, haimkopeshi mtu mmoja mmoja. Kikundi kiwe na wanachama 10 hadi 15. Cha vijana kiwe na watu wa umri wa miaka 18 hadi 35. Cha wanawake, mwanamke yeyote aliyetimiza miaka 18 anaingia. Kiwe kimesajiliwa kwa angalau miezi sita, kiwe na makao na shughuli zake katika eneobunge linaloombewa, kiwe na akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na kiwe na barua ya chifu ya kukitambua. Kabla ya kukopeshwa, wanachama hupewa mafunzo. Mkopo huanzia shilingi 50,000 na hufika 500,000. Hauna riba, kuna ada ya usimamizi ya asilimia 3 tu. Una miezi sita ya kupumua kabla ya marejesho kuanza, na hulipwa ndani ya miaka miwili.

Sharti moja watu hulipita haraka: kikundi kionyeshe kwamba wanachama wake huchangishana, iwe kwa mzunguko wa kupeana au kwa kuweka na kukopeshana mezani. Hili ndilo kamati ya eneobunge inapaswa kulitazama kwa makini kuliko yote. Cheti cha usajili hupatikana kwa safari mbili za ofisini. Daftari la michango la miezi sita, lenye siku ambazo fulani hakuleta na wiki aliyolipa lile deni, halitungwi usiku mmoja. Daftari ambalo kila mtu amelipa kila wiki bila kukosa, kwa wino wa kalamu moja na mwandiko mmoja usiobadilika, linatia shaka. Kikundi kilichoundwa kwa ajili ya mkopo hujulikana hapo.

Sasa tuchukue mfano. Tuseme mama karanga kumi na wawili wa Gazi, katika eneobunge la Msambweni, wana chama chao. Mama karanga, kwa wasiojua pwani ya kusini, ni mwanamke anayenunua samaki wadogo wadogo bandarini, akawakaanga na kuwauza mtaani. Chama hiki kina cheti, akaunti na barua ya chifu. Kimebakiwa na kuandika maelezo ya mradi, yaani ile sehemu ya ombi inayouliza fedha ni za nini na zitarudi vipi.

Maelezo mengi huandikwa hivi: "Sisi ni akina mama wenye bidii tunaoomba mkopo ili kuinua biashara yetu na kuboresha maisha ya familia zetu." Kila neno hapo ni kweli, lakini mwanakamati hapati chochote cha kushika. Hajui biashara ni ipi, pengo lake ni lipi, wala fedha zikija zitabadilisha nini.

Mama karanga wetu wana pengo linaloelezeka. Wengi hawana fedha taslimu asubuhi mashua zinapofika, kwa hiyo hununua samaki kwa mkopo na kulipa jioni kwa bei ya juu. Anayelipa taslimu huchagua kwanza na hupata bei nafuu. Wakiandika hivyo, tayari wameeleza mradi. Kisha waweke hesabu. Wanaomba shilingi 216,000, ambazo kwa watu kumi na wawili ni 18,000 kila mmoja. Kwa bei za mfano, 7,000 ni fedha ya kuzungusha ya kununulia samaki, ambayo haitakiwi kuguswa kwa jambo jingine. 5,000 ni mtungi wa lita 20 wa mafuta. 3,000 ni karai na jiko la kuni lisilokula kuni nyingi, na 2,460 ni boksi la barafu ili samaki wasiouzika leo wauzike kesho. Zinabaki 540, nazo ni fungu la kila mmoja katika ada ya asilimia 3, ambayo kwa mkopo wote ni 6,480. Vikundi vingi husahau ada hii katika bajeti, halafu huikatia kwenye fedha ya samaki.

Marejesho ndiyo yanayotenganisha ombi lililofikiriwa na lisilofikiriwa. Ukiondoa miezi sita ya kupumua kutoka kwenye miaka miwili, miezi 18 inabaki. 216,000 ukigawa kwa 18 ni 12,000 kwa mwezi, sawa na shilingi 1,000 kwa kila mama. Kwa mtu anayeuza samaki kila siku, elfu moja kwa mwezi haitishi. Lakini bahari haitoi sawasawa mwaka mzima. Kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, bahari imetulia na samaki ni wengi. Kusi inapoingia, kuanzia Aprili, upepo na mawimbi huwazuia wenye vyombo vidogo kutoka, na bandarini mama karanga hurudi na ndoo nusu.

Tuseme fedha zimefika mwanzoni mwa Oktoba. Miezi sita ya kupumua inaisha Machi. Rejesho la kwanza linadaiwa mwishoni mwa Aprili, kusi ikiwa imeshaingia na mvua za masika zinanyesha. Kaskazi nzima ilipita bila kudaiwa, ikala faida yake ikaisha, na deni likaja katika mwezi mbaya kuliko yote. Mimi naamini vikundi vingi vya pwani vinavyoitwa wadaiwa sugu havikuwa vya watu wakaidi. Vilikuwa vya watu walioonyeshwa kalenda ya ofisi bila mtu kuilinganisha na kalenda ya bahari.

Dawa yake ni kuanza kulipa kabla ya kudaiwa. Chama kikubaliane kwamba katika kila mwezi wa kaskazi kila mwanachama ataweka 320 kwa wiki, na katika kila mwezi wa kusi 100 kwa wiki. Kwa mwezi wa wiki nne hizo ni 1,280 na 400. Miezi mitano ya kaskazi ya kwanza, kabla hakijadaiwa hata senti, kila mama ana akiba ya 6,400 kwenye akaunti ya chama. Kuanzia Aprili hadi Oktoba anatakiwa kulipa 7,000, naye ameongeza 2,800, kwa hiyo anavuka kusi na 2,200 mkononi. Kaskazi ya pili inapandisha akiba hadi 3,600 baada ya kulipa marejesho yake matano. Kusi ya pili, kuanzia Aprili hadi Septemba, inadai 6,000. Akiba hiyo pamoja na 2,400 za michango inafika 6,000 kamili. Deni limekwisha. Jedwali hili dogo likiwekwa kwenye ombi, kamati inaona kwamba walioandika wanaijua kazi yao.

Lakini jedwali lote limejengwa juu ya watu kumi na wawili, na hapa ndipo dhamana inapoingia. Hazina haiombi hati ya shamba wala kitabu cha gari. Dhamana ni kikundi chenyewe. Kila mwanachama anapotia sahihi anakubali kwamba mwenzake asipolipa, waliobaki watalipa. Deni ni moja la 216,000, si madeni kumi na mawili ya 18,000.

Mama mmoja akihamia Mombasa na kuacha kulipa, elfu yake inagawanywa kwa kumi na mmoja, na kila mmoja anaongeza kama shilingi 91. Hiyo inavumilika. Wakiacha watatu, tisa waliobaki wanalipa 1,333 kila mmoja. Wakiacha sita, waliobaki wanalipa 2,000, mara mbili ya walichokubali. Kabla ya kufika hapo, hata mwaminifu ataanza kujiuliza kwa nini analipa deni la watu walionunua magodoro kwa fedha ileile. Kwa hiyo dalili ya kikundi kinachokufa hutokea mapema, kwenye wiki ya pili au ya tatu ambayo mtu amekosa mchango na hakuna aliyemwuliza.

Ndiyo maana naona kosa kubwa ni kugawana fedha siku zilipoingia na kila mtu kwenda zake. Kugawana kwenyewe kunaweza kufaa, maana kila mama karanga ana karai lake na wateja wake. Ubaya ni kugawana bila makubaliano ya maandishi. Kabla ya ombi kupelekwa, chama kifanye kikao na muhtasari uandikwe: mwanachama akikosa wiki mbili, nani atamtembelea na lini, akifiwa au akijifungua, atabebwa kwa muda gani na atalipaje baadaye, akihama, akiba yake inabaki kwenye deni au anaondoka nayo. Kila mtu atie sahihi au dole gumba. Mwenye kusita kwenye kikao hicho ajitoe kabla ombi halijaenda. Chama cha kumi na wawili kinaweza kubaki na kumi na bado kikastahili mkopo, ilimradi hesabu za ombi zifanywe upya.

Mweka hazina naye asiachwe peke yake na simu yenye fedha za watu. Michango ya wiki ikikusanywa kwa M-Pesa, ipelekwe benki siku iyohiyo, na ujumbe wa benki usomwe mbele ya kikao kinachofuata. Benki iwe na watia sahihi watatu wasio ndugu wa nyumba moja.

Kwa anayefikiria kuomba mwaka huu, aanze na ofisi ya Hazina katika eneobunge lake, aulize masharti yaliyopo sasa na tarehe ambayo kamati itapokea maombi. Kisha ahesabu kurudi nyuma: fedha zikifika mwezi gani, rejesho la kwanza litaangukia mwezi gani wa biashara yake. Mkulima wa mahindi, mwenye kuku wa mayai na mama karanga hawana mwezi mmoja wa njaa. Na siku ya kutia sahihi, fomu isomwe kwa sauti, kwa lugha ambayo kila mwanachama anaielewa, hadi mstari wa mwisho, kabla kalamu haijapitishwa.