Kubadili Rangi za Chati Iliyofungwa Ndani ya PDF

Ripoti ya mvua imetolewa kwa PDF, na ndani yake kuna chati ya nguzo: nyekundu ni mvua za masika, kijani ni za vuli, kwa miaka 8 mfululizo. Kwenye skrini inasomeka vizuri. Ukiitoa fotokopi nyeusi na nyeupe, matatizo yanaanza. Nyekundu yenye msimbo d62728 na kijani chenye msimbo 2ca02c zikigeuzwa kijivu kwa kanuni ya kawaida, ya kwanza inaangukia 91 na ya pili 112 kwenye kipimo cha 0 hadi 255. Ni kijivu kinachokaribiana mno. Hata kwenye karatasi ya rangi, wapo wasomaji, hasa wanaume, ambao macho yao hayatenganishi nyekundu na kijani. Chati hiyo kwao haisemi lolote.

Wengi wakikutana na hali hii hupiga picha ya skrini, kisha wanamwaga rangi mpya kwa programu ya picha. Matokeo yake ni kingo zenye ukungu na mabaki ya rangi ya zamani, kwa sababu pikseli za ukingoni ni mchanganyiko wa rangi ya nguzo na nyeupe ya karatasi. Kazi hiyo haina haja. Mara nyingi mchoro wenyewe, nguzo kwa nguzo, bado umo ndani ya faili.

Nguzo moja ya chati hiyo, ukiisoma jinsi PDF inavyoiandika, inaweza kuwa hivi:

```
0.839 0.153 0.157 rg
120 200 18 95 re
f
```

Mstari wa kwanza unachovya brashi kwenye nyekundu. Wa pili unachora mstatili: uanzie pointi 120 kutoka kushoto na 200 kutoka chini, upana wake 18, kimo chake 95. Pointi 72 ni inchi moja, kwa hiyo nguzo hii ina upana wa robo inchi. Herufi ya mwisho inaamuru mstatili ujazwe rangi. Umbo lote limehifadhiwa kwa namba, ndiyo maana linaitwa mchoro wa vekta, na ndiyo maana halipasuki hata ukilikuza kiasi gani. Lakini tazama kinachokosekana: hakuna mahali palipoandikwa kwamba hii ni nguzo ya masika, wala kwamba ni ndugu ya nguzo nyingine 7. PDF hutunza maumbo, haitunzi maana yake. Kazi yetu yote ni kuyakusanya tena yale yanayokwenda pamoja.

Kabla ya lolote, hakikisha chati si picha iliyobandikwa. Ifungue kwenye kisomaji cha PDF, uikuze hadi asilimia 1600, kisha tazama ukingo wa nguzo. Ukibaki mkali kama wembe, ni vekta. Ukiona vigae vidogo vya mraba, chati iliingizwa kama picha, na hapo ni afadhali uombe takwimu zenyewe uichore upya.

Ikiwa ni vekta, ugeuze ukurasa huo mmoja kuwa SVG, aina ya faili ambayo programu za kuchorea huihariri moja kwa moja. Kwenye Linux kuna kifurushi cha bure kiitwacho Poppler, na amri yake ni hii:

```
pdftocairo -svg -f 35 -l 35 ripoti.pdf chati.svg
```

Namba 35 ni ya ukurasa kwa kuhesabu tangu jalada. Chini ya karatasi panaweza kuwa pameandikwa 27, kwa sababu dibaji na yaliyomo vilihesabiwa peke yake. Asiye na mazoea ya kuandika amri anaweza kuifungua PDF moja kwa moja ndani ya Inkscape, programu ya bure ya kuchorea vekta, akachagua ukurasa kwenye dirisha linalotokea.

Ndani ya Inkscape, ukibofya nguzo utashangaa kuona ukurasa mzima umeshikwa. Vitu vimefungwa kwenye makundi, kundi ndani ya kundi, na mara nyingi kila kundi lina mpaka usioonekana unaokata chochote kinachotoka nje yake. Bonyeza Ctrl+Shift+G kufungua kundi, na urudie mpaka nguzo moja ishikike peke yake. Kama mpaka bado unazuia, nenda Object > Clip > Release Clip. Hapo huweza kubaki mstatili mtupu au mweusi juu ya chati. Huo ndio mpaka wenyewe, ufute. Uwe mwangalifu pia na mstatili mweupe wa usuli, ambao hupenda kushikwa badala ya nguzo.

Sasa shika nguzo moja nyekundu, kisha chagua Edit > Select Same > Fill Color. Programu itakusanya kila umbo lenye rangi ileile. Hatua hii wengi huipita haraka, nami naona ndiyo ya kukaa nayo. Soma chini ya dirisha idadi ya vitu vilivyoshikwa. Kwenye chati yetu tunatarajia 9: nguzo 8 za masika, na kile kisanduku kidogo cha rangi kwenye ufunguo. Ukipata 8, kuna kimoja kimebaki nyuma, pengine ufunguo, nao ukibaki mwekundu utampotosha msomaji. Ukipata 10, umenasa kitu kisichohusika, labda mstari wa kichwa cha ukurasa wenye rangi hiyohiyo. Kishike na Shift ukiondoe kwenye mkusanyiko.

Idadi ikikaa sawa, fungua jopo la rangi kwa Ctrl+Shift+F, na kwenye kisanduku cha RGBA andika 0072b2ff. Herufi mbili za mwisho ni kiwango cha kutopitisha mwanga, na ff maana yake ni rangi kamili. Rudia kwa nguzo za kijani ukiwapa e69f00ff. Bluu hiyo ikigeuka kijivu inakuwa 87, na chungwa hilo 162. Pengo la 21 limekuwa 75, na jozi hiyo hutofautishwa pia na wasiotenganisha nyekundu na kijani. Kama chati yako ni ya mistari, rangi iko kwenye mstari wenyewe, basi tumia Select Same > Stroke Color.

Mtego mmoja huwakamata wanaobadilishana rangi, masika iwe kijani na vuli iwe nyekundu. Ukianza kwa kuzigeuza nyekundu kuwa kijani, nguzo zote 16 sasa ni kijani na hakuna tena cha kuzitenganisha. Zipe kwanza za masika rangi ya muda isiyotumika popote kwenye ukurasa.

Maandishi yana tabia yake. Amri niliyoitaja huyageuza kuwa maumbo: yanaonekana sahihi kabisa, ila huwezi kusahihisha neno. Inkscape ikisoma PDF yenyewe inaweza kuyaacha yakiwa maandishi, lakini kama fonti haimo kwenye kompyuta yako, nyingine huchukua nafasi yake na namba za mhimili husogea. Kwa kazi ya kubadili rangi tu, chagua maumbo.

Hifadhi SVG, toa nakala ya PDF, na uichapishe nyeusi na nyeupe uitazame. Kisha soma maelezo yaliyo chini ya chati na aya zinazoitaja. Kama mwandishi wa ripoti aliandika "nguzo nyekundu zinaonyesha", basi maneno hayo nayo lazima yabadilike, na chanzo cha chati kibaki kimetajwa palepale.