Kuokoa sare kwa ngome ya pembeni

Katika vilabu vya sataranji, kwenye miisho ya ngome kwa ngome, wachezaji wengi huamini kwamba ngome ya anayejitetea ikae nyuma ya askari wa adui. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna hali moja ambayo imani hiyo hupoteza mchezo, na njia ya kuiokoa ilionyeshwa na mtunzi wa Kicheki, Josef Vančura, katika fumbo lililochapishwa mwaka 1924.

Panga ubao uwe hivi. Mweupe ana mfalme c4, ngome a8 na askari a6. Mweusi ana mfalme g7 na ngome f6. Ni zamu ya Mweupe, na ni sare.

Tuanze na kwa nini ngome ya Mweusi isikae a1. Ikiwa huko, mfalme mweupe atapanda taratibu hadi b7, atapewa cheki kutoka b1, kisha ataingia a7, mbele ya askari wake mwenyewe. Pale hakuna cheki ya kutoka chini itakayomfikia. Ngome ya a8 sasa haina tena kazi ya kumlinda askari, inatoka na kumfungulia njia, na mfalme mweusi yuko mbali mno kuja kuzuia. Kwa hiyo nafasi ya a7 ndiyo maficho yanayomtia Mweusi matatani.

Ngome iliyo f6 inaliondoa tatizo hilo kwa kumshambulia askari kutoka ubavuni. Mradi inamtazama a6, ngome nyeupe imefungwa a8. Ikiondoka, askari analiwa. Basi Mweupe anamleta mfalme amlinde askari: 1. Mfalme b5. Hapa Mweusi asichelewe hata zamu moja. Akipoteza muda kwa mfalme h7, Mweupe atacheza ngome c8, na cheki ya f5 itazibwa kwa ngome c5. Askari anakwenda a7 na mchezo umekwisha.

Jibu sahihi ni cheki mara moja: 1... Ngome f5. Mfalme akienda b6, ngome inarudi f6 kwa cheki. Akijaribu kujificha a7, cheki inatoka f7, na sasa yale maficho hayana faida, kwa sababu mashambulizi yanatoka upande wa kulia, si chini. Akirudi b6, cheki tena f6. Akienda c6 badala ya b6, ni cheki f6 vilevile. Akikimbilia d5, ngome bado inamtazama askari. Mweusi anacheza ngome b6, na mfalme akiisogelea kwa c5 inateleza kurudi f6. Umbali ndio nguvu ya ngome hii. Ingekuwa c6 mfalme alipoingia b5, ingeshambuliwa bila kuwa na cheki ya kumjibu, na zamu moja ikipotea hapo Mweupe hapati shida tena.

Askari akisukumwa a7, ngome haina tena cha kufanya ubavuni, na hapo ndipo inapokwenda nyuma: ngome a6. Mfalme mweupe akija b5, ngome inashuka a1. Akipanda b6, cheki b1. Akienda c6, cheki c1. Maficho hayapo tena, kwa kuwa a7 imeshikwa na askari. Mfalme akiondoka mbali, ngome inarudi safu ya a. Wakati huo Mweusi ana hatua za kusubiri anazoweza kurudia apendavyo, mfalme g7 hadi h7 na kurudi.

Nasisitiza g7 na h7, maana hapa ndipo sare nyingi zinapopotea, hasa saa ikiwa imebaki dakika chache na mchezaji anaona vizuri kumleta mfalme katikati. Weka mfalme mweusi f7 na askari mweupe a7, ngome nyeusi ikiwa a6. Mweupe anacheza ngome h8! Ngome nyeusi ikila a7, cheki ya h7 inampiga mfalme na kuipata ngome iliyo nyuma yake. Mfalme akiwa g6, ni rahisi zaidi: ngome g8 kwa cheki, kisha askari anakuwa malkia. Akiwa g7, ngome ikienda h8 au g8 inaliwa tu. Akiwa h7, vilevile.

Ulinzi huu ni wa askari wa pembeni peke yake, a au h, ngome yake ikiwa imekaa mbele yake. Ukijikuta kwenye mwisho wa namna hii, usingoje mfalme mweupe asogee: peleka ngome mstari wa sita angali mbali. Akishafika b7 na ngome yako ingali a1, njia hii haipo tena.