Alama kabla ya Alhamisi: ombi moja kwa mdogo, mwenzi na mkuu

Katika shule za sekondari za Tanzania, mwalimu wa taaluma, ambaye wenzake humwita mtaaluma, ndiye hukusanya alama za mitihani ya muhula na kuandaa ripoti za wanafunzi. Kazi hiyo humpa nafasi isiyo ya kawaida. Alama anazidai kwa mwalimu wa mazoezi aliyeletwa na chuo kwa wiki chache, kwa mwalimu wa nidhamu ambaye cheo chake kinalingana na chake, na kwa mkuu wa shule mwenyewe, kwa kuwa wakuu wengi wa shule nao hufundisha vipindi. Anachokitaka kwa wote watatu ni kilekile, na siku ya mwisho ni ileile. Kwa hiyo kinachobadilika katika ujumbe wake hakitokani na kazi yenyewe, kinatokana na uhusiano. Ndiyo maana mfano huu unafaa kuonyesha sauti ya maandishi inajengwa kwa vitu gani.

Tuseme ripoti zinaanza kuchapwa Alhamisi saa 6 mchana, na wazazi wanakuja Jumamosi. Mtaaluma anaandika ujumbe mfupi wa simu siku ya Jumatatu. Kwa mwalimu wa mazoezi anaandika hivi:

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Hakikisha alama za Jiografia kidato cha 2 zimenifikia kabla ya Alhamisi saa 6 mchana. Ripoti zinachapwa mchana huohuo. Ukikwama kwenye kusahihisha, njoo tuonane kesho. Kazi njema."

Kwa mwalimu wa nidhamu:

"Mwalimu, habari za vipindi? Naomba unisaidie alama za Kemia kidato cha 3 kabla ya Alhamisi saa 6 mchana, maana tunaanza kuchapa ripoti muda huo na Jumamosi wazazi wako hapa. Kama kuna mkondo utachelewa, nijulishe mapema tuone tunafanyaje."

Na kwa mkuu wa shule:

"Shikamoo, Mkuu. Pole na majukumu. Ripoti za wanafunzi zinaanza kuchapwa Alhamisi saa 6 mchana ili ziwe tayari kwa kikao cha wazazi cha Jumamosi. Naomba kupata alama za Historia kidato cha 4 kabla ya muda huo. Zikiwa tayari, naweza kuzifuata ofisini. Asante, Mkuu."

Somo, kidato, siku, saa na sababu vimo katika jumbe zote tatu. Hiyo ndiyo sehemu isiyoguswa. Mabadiliko yako kwingine, na la kwanza liko kwenye kitenzi.

Kwa mwalimu wa mazoezi kitenzi ni amri: hakikisha. Si amri kali, kwa sababu mbele yake kuna salamu na nyuma yake kuna msaada, lakini haimwachii msomaji nafasi ya kujiuliza kama jambo ni la hiari. Mgeni kazini anauhitaji uwazi huo. Akiandikiwa kwa kuzungukazunguka, hajui kama ameagizwa au ameshauriwa, na mara nyingi huona aibu kuuliza.

Kwa mwenzi na kwa mkuu kitenzi ni kilekile, naomba, na hapa ndipo watu wengi hudhani kazi ya heshima imekwisha. Haijaisha. Neno hili hutumika dukani, hotelini na ndani ya daladala kila siku, kiasi kwamba peke yake halibebi tena uzito mkubwa wa unyenyekevu. Tofauti iko katika kinacholifuata. Mwenzi ameambiwa "naomba unisaidie": yeye ndiye mtendaji, na kazi imewekwa mikononi mwake kama jambo la kusaidiana. Mkuu ameambiwa "naomba kupata": mtendaji aliyetajwa ni mwombaji, na mkuu hajatajwa popote kama mtu anayepaswa kufanya kitu. Ombi ni lilelile, lakini sentensi haimnyooshei kidole. Kiswahili humwita kila mtu "wewe", mdogo kwa mkubwa, hakina kiwakilishi maalumu cha heshima kinachotumika kote kama "vous" ya Kifaransa. Kwa hiyo heshima huhamia kwenye umbo la kitenzi, kwenye cheo cha kuitia na kwenye salamu.

Badiliko la pili ni mpangilio. Kwa mwalimu wa mazoezi agizo limetangulia na sababu ikafuata. Kwa mkuu sababu imetangulia. Akifika kwenye ombi, mkuu ameshajua kwamba saa 6 mchana imewekwa na ratiba ya uchapaji, haikubuniwa na mtaaluma. Hili lina uzito kuliko maneno yote ya upole, kwa sababu kumpangia mkubwa muda ni jambo gumu, ilhali kumwarifu ratiba ilivyo ni wajibu wa kawaida wa msaidizi. Mwenzi yuko katikati: ombi limetangulia, na sababu imefungwa ndani ya sentensi hiyohiyo, kama watu wanaoongea wakitembea kuelekea darasani.

Badiliko la tatu ni njia ya kutokea inayoachwa kwa msomaji akishindwa. Mwalimu wa mazoezi anaambiwa aje kwa mtaaluma. Mwenzi anaambiwa watapanga pamoja. Kwa mkuu ni mtaaluma atakayekwenda ofisini. Yaani hatua za miguu zenyewe zinafuata cheo.

Lipo pia lisiloandikwa. Huenda masomo mengine yote yameshaleta alama na Historia peke yake ndiyo bado. Kumwambia mwalimu wa mazoezi "umebaki wewe tu" ni kumkumbusha. Kumwambia mwenzi hivyo ni kumtania, kama wamezoeana. Mkuu akiambiwa hivyo amewekwa kwenye mizani pamoja na walio chini yake, na mwandishi makini huliacha.

Wanaisimu Penelope Brown na Stephen Levinson, katika kitabu chao cha 1987 kuhusu adabu katika lugha, walieleza kwamba uzito wa ombi hutokana na mambo matatu: umbali kati ya wasemaji, tofauti ya mamlaka, na ukubwa wa jambo linaloombwa. Kielelezo hicho kinaeleza vizuri kwa nini mtaaluma angeongeza upole hata kwa mwalimu wa mazoezi kama angemwomba asahihishe madaftari ya mkondo mwingine usiku kucha. Lakini katika shule ya Kitanzania umri hudai hesabu yake pembeni ya cheo. Mwalimu wa nidhamu akiwa na miaka 58 na mtaaluma 31, usawa wao kwenye orodha ya vyeo haufuti shikamoo. Ujumbe utaanza na shikamoo, kisha uendelee kwa kitenzi cha wenzi. Anayeiacha salamu kwa hoja kwamba vyeo vinalingana ameharibu ujumbe kabla ya kufika kwenye alama, na anayegeuza ujumbe wote kuwa wa unyenyekevu kwa sababu ya umri amejishusha kutoka kwenye kazi aliyokabidhiwa.

Makosa ya sauti huenda pande mbili. La kwanza ni rahisi kuliona: mwenzi anapopelekewa ujumbe wa mdogo. "Hakikisha alama za Kemia zimenifikia" kwa mwalimu wa nidhamu husomeka kama madai ya cheo ambacho mwandishi hana. "Unatakiwa" ni kali zaidi, kwa sababu inamficha anayetaka na kuleta uzito wa ofisi nzima. Katika barua za kiserikali neno hilo hushuka kutoka juu kwenda chini. Dalili ya kosa hili ni jibu fupi na baridi, au alama zinazoletwa dakika ya mwisho bila neno.

La pili ni la hatari zaidi kwa sababu linafanana na adabu. Ujumbe kwa mkuu huandikwa hivi: "Shikamoo, Mkuu. Samahani kwa usumbufu, najua una majukumu mengi. Nilikuwa nakumbushia tu zile alama, ukipata nafasi." Heshima ipo tele, lakini somo halijatajwa, saa haipo, na sababu haipo. Mkuu atajibu "Sawa", na Alhamisi itapita. Kuna kipimo chepesi: salamu na samahani zifutwe, kisha kilichobaki kiulizwe ni nini, lini na kwa nini. Kama jibu moja halipatikani, upole umekula ujumbe.

Gharama ya upole wa namna hiyo imechunguzwa hasa katika urubani. Tarehe 13 Januari 1982 ndege ya shirika la Air Florida ilianguka katika mto Potomac mjini Washington na kuua watu 78. Barafu ilikuwa imeziba vihisio vya injini, na vipimo vikaonyesha nguvu kubwa kuliko iliyokuwapo. Rubani msaidizi alitamka zaidi ya mara moja kwamba vipimo havionekani kuwa sawa, lakini hakusema wazi kwamba safari ya kuruka isitishwe, na rubani mkuu akaendelea. Mwanaisimu Charlotte Linde, katika utafiti aliouchapisha 1988 kuhusu mazungumzo ya marubani, alionyesha kwamba maneno yanayopanda kwa mkubwa hulainishwa kuliko yanayoshuka, na kwamba marubani wenyewe hupunguza ulaini wanapotambua kuwa kuna dharura.

Kundi la simu la walimu linaleta ugumu wake, kwa kuwa wadogo, wenzi na mkuu husoma ujumbe mmoja. "Walimu wote mnakumbushwa kuleta alama" inamwagiza na mkuu. Njia iliyo salama ni kuifanya saa yenyewe iwe kiini cha sentensi: "Mwisho wa kupokea alama za muhula ni Alhamisi saa 6 mchana. Uchapaji wa ripoti unaanza muda huo." Hapo hakuna aliyeamriwa, na kila mmoja ameelewa. Udhaifu wake ni kwamba tangazo lisilo na mlengwa ni rahisi kulipita, hivyo halichukui nafasi ya ujumbe wa mtu mmojammoja.

Sauti hubadilika tena muda unapokwisha. Alhamisi saa 3 asubuhi, mwalimu wa mazoezi hupigiwa simu na kuulizwa amebakiza karatasi ngapi. Mwenzi hufuatwa mezani kwake, na huenda wakagawana kujumlisha alama. Kwa mkuu, upole wa Jumatatu unapunguzwa, heshima inabaki, na jambo linasemwa wazi: "Shikamoo, Mkuu. Alama za Historia kidato cha 4 hazijanifikia. Zisipofika kabla ya saa 6 mchana, ripoti zote 84 za kidato hicho zitachapwa bila Historia, au uchapaji usogezwe hadi kesho. Naomba maelekezo." Neno la mwisho linaurudisha uamuzi kwa mwenye mamlaka nao, na sentensi iliyotangulia inahakikisha kwamba anaamua akijua.