THIKA na RUIRU: Usilipe Nauli ya Msee Juu ya Neno Feki

Mko kwa mat, jamu imeshika, na mbogi imeamua kucheza: unda neno kwa herufi za THIKA na RUIRU pekee. Mwenye neno refu analipiwa nauli. Msee mmoja anasema HATARI na wote mnakubali, juu kila herufi iko. Zii, hapo mmechezwa.

Hesabu stoo kwanza. T, H, K na A ziko moja moja. I, R na U ziko mbili mbili. Jumla ni kumi. Kisha hesabu neno, ukianza na herufi zinazojirudia, maana hapo ndio wengi hunaswa. HATARI inadai A mbili na stoo iko na moja tu. Herufi moja ikizidi, neno lote limeanguka.

Kiswahili hupenda kumaliza na A, so hiyo moja inaisha mbio: RUKA inapita, KATA inakwama. Saka vitenzi vya kuishia I. Cheki KUHARIRI: K, U, H na A moja moja, R mbili, I mbili. Herufi nane, hakuna imezidi, na stoo imebaki na T na U. Wa HATARI atoe nauli.