Jumuiya na Sheria Zetu (2): Tumbaku ya Urambo mbele ya Mkataba wa Arusha

Wiki iliyopita tuliishia kwa watemi wa Unyamwezi waliotoza hongo kila msafara uliopita kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mirambo wa Urambo alipofunga njia mwaka 1871, wafanyabiashara wa Kiarabu wa Tabora waliingia naye vitani, kwa kuwa hapakuwa na chombo cha juu cha kumwambia mtemi tozo ipi ni halali. Leo chombo hicho kipo Arusha, nacho kina mipaka yake. Tuiangalie kupitia zao ambalo Urambo, Kaliua na Sikonge wanalijua vizuri kuliko mimi: tumbaku.

Ofisa wa Mamlaka ya Mapato Tanzania hushika kofia mbili, na wengi huzichanganya. Anapokagua mzigo mpakani na kutoza ushuru wa forodha, anatumia Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Sheria hii haikutungwa na Bunge la Dodoma. Kifungu chake cha 253 kinasema wazi kwamba iko juu ya sheria za nchi wanachama katika mambo inayoyagusa. Kwa hiyo kanuni ya waziri wetu inayopingana nayo haina nguvu, na mwenye mzigo anaweza kulisema hilo hapa hapa nchini.

Kofia ya pili ni ushuru wa bidhaa, ule unaotozwa kwenye sigara, bia na soda. Huo bado ni wa taifa. Viwango vyake hupangwa na Bunge letu, na ofisa hana ruhusa ya kuviacha kwa sababu tu amesoma Mkataba wa Jumuiya. Hapo ndipo mgogoro unapozaliwa.

Katika bajeti ya 2017/18, sigara elfu moja zenye kichungi, ambazo zaidi ya asilimia 75 ya tumbaku yake ni ya Tanzania, zilitozwa shilingi 29,425. Sigara nyingine zilitozwa 53,235. Gawanya kwa pakiti za sigara ishirini: ya kwanza inalipa kama shilingi 588, ya pili 1,064. Sheria haikuitaja Kenya popote. Lakini kiwanda cha Nairobi kinachonunua majani ya Kenya kitafikaje asilimia 75 ya Tanzania? Kenya ililalamika kwa miaka mingi kwamba hiki ni kikwazo cha biashara.

Itifaki ya Umoja wa Forodha, Ibara ya 15, inakataza nchi mwanachama kutoza bidhaa za mwenzake kodi ya ndani iliyo kubwa kuliko ile inayotozwa bidhaa zake zinazofanana, iwe moja kwa moja au kwa mzunguko. Maneno hayo, “kwa mzunguko”, ndiyo yanayoigusa ile asilimia 75.

Uganda ilikwenda mbali zaidi. Sheria yake ya mwaka 2017 ilitofautisha waziwazi sigara zilizotengenezwa nchini na zilizoingizwa, hata kama zimetoka Kenya. Kampuni ya British American Tobacco Uganda, ambayo sigara zake zilitengenezwa Kenya, ilifungua shauri Mahakama ya Afrika Mashariki. Machi 2019 mahakama hiyo iliamua kwamba tofauti hiyo inakiuka Mkataba na itifaki zake, ikaiagiza Uganda iirekebishe sheria yake.

Tazama neno kuirekebisha. Mahakama ya Arusha haifuti kifungu cha sheria ya nchi kama Mahakama Kuu inavyoweza kufanya kwa kifungu kinachovunja Katiba. Inatamka kuwa nchi imekiuka ahadi yake, kisha kalamu inarudi bungeni. Ibara ya 8(4) ya Mkataba inazipa sheria za Jumuiya kipaumbele, lakini Ibara ya 8(5) inaziachia nchi zenyewe kazi ya kutunga sheria za kukitekeleza. Mpaka hapo, mkusanya kodi anaendelea na kiwango kilichoandikwa.

Kuna na mtego wa muda. Ibara ya 30(2) inampa mtu au kampuni miezi miwili tu tangu sheria ilipopitishwa, au tangu alipoijua. Anayesubiri mazungumzo ya mawaziri yaishe hukuta mlango umefungwa. Nchi mwanachama inayoshtaki chini ya Ibara ya 28 haikuwekewa ukomo huo.

Maoni yangu: sharti la asilimia 75 lingefikishwa mbele ya majaji wale wale, lingeanguka. Watetezi wake watasema hata kiwanda cha Dar es Salaam kikipunguza majani ya nyumbani kitalipa kiwango cha juu, na hilo ni kweli. Lakini Ibara ya 15 inapima matokeo pia. Wala sioni kwamba mkulima mwenye bani lake Kaliua angepoteza mengi, maana sehemu kubwa ya tumbaku yetu huuzwa nje ya nchi, ambako ushuru huu haufiki.

Wiki ijayo: mizani za barabarani na uzito wa malori, ambako Jumuiya imetunga sheria yake yenyewe.